Tovuti kwa Wageni Wenye Bando Dogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wenye maduka, nyumba za wageni na vikundi vya Mombasa kila wanapotaka kufunguliwa tovuti, au wanapolalamika kwamba tovuti waliyo nayo "haifunguki". Mfano mmoja utarudi mara kwa mara: duka la leso la mtaa wa Biashara lililotaka kuonyesha leso 24 kwa wateja wanaotumia simu. Nimeuchagua kwa sababu leso ni mtihani mgumu wa picha, na katika tovuti ya duka picha ndizo zinazomaliza bando la mteja.

## Mambo ya msingi

1. Nyaya za baharini zinaingia Mombasa penyewe. Kwa nini bado tuhesabu kilobaiti?

Ni kweli kwamba nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka uliofuata. Lakini waya huo hauingii ndani ya simu ya mteja wako. Kipande cha mwisho, kutoka mnara hadi mkononi, ni mawimbi ya redio, na mteja anayagawana na kila mtu aliye chini ya mnara uleule. Panda feri ya Likoni jioni watu wanaporudi nyumbani, ufungue tovuti yako ukiwa umesimama katikati ya umati, na utaelewa kuliko nitakavyoeleza. Alama ya 4G inaweza kuwa imejaa huku ukurasa umeganda, kwa kuwa alama hiyo inaonyesha nguvu ya mawimbi na si idadi ya watu wanaoyagombania.

Jambo la pili ni pesa. Mteja mwenye bando la siku anajua kwamba likiisha kabla ya wakati wake, na kama hajazuia, simu inaweza kuanza kula salio la kawaida. Kwa hiyo huacha ukurasa mzito mapema, na hatakuambia sababu.

2. Ukurasa mmoja uwe na uzito gani?

Hakuna kipimo kimoja kwa wote, ila kuna njia nzuri ya kukipata: anza na bando la mteja, si na ukurasa wako. Tuseme mteja amenunua MB 50 za siku, na anazihitaji pia kwa ujumbe, habari na mambo yake mengine. Ukijiuliza angekubali kutumia sehemu gani ya bando hilo kwenye duka lako, mimi hujibu asilimia moja, yaani KB 500, na kiasi hicho kimtoshe kuangalia bidhaa zote na kuagiza.

Ukurasa wa kwanza wa duka la leso ulikuwa na picha 24 zenye wastani wa KB 350 kila moja, yaani KB 8,400. Juu ya hizo kulikuwa na ramani iliyopachikwa (KB 600), skripti za picha zinazoteleza (KB 310), fonti nne (KB 160), na HTML, yaani maandishi na muundo wa ukurasa, pamoja na mitindo inayopanga mwonekano wake (KB 90). Jumla yake ni KB 9,560. Mwenye MB 50 angeufungua mara tano tu, na bando likawa limekwisha.

Baada ya kazi inayoelezwa katika maswali ya 4 hadi 8, ukurasa wa kwanza ulibaki na KB 138, na mteja anayepitia leso zote 24 hutumia KB 394. Hakuna leso hata moja iliyoondolewa.

3. Je, ukurasa mwepesi ndio ukurasa wa haraka?

Mara nyingi, lakini si lazima. Uzito hulipwa kwa pesa, ilhali muda hulipwa kwa safari. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu huuliza anwani ya seva, hufungua muunganisho, hukubaliana na seva kuhusu usiri, kisha ndipo huomba ukurasa. Hizo ni safari nne za kwenda na kurudi, hata kama ukurasa wenyewe ni wa neno moja. Mtandao ukiwa umesongamana na kila safari ikachukua milisekunde 300, sekunde moja na kidogo imepita bila kitu kwenye kioo.

Hapo ndipo yanapojitokeza madhara ya kuchota vitu kutoka seva nyingi: fonti huku, skripti kule, picha kwingine. Kila jina jipya la seva huanzisha safari zile upya. Weka vyote kwenye jina moja la tovuti, na muunganisho uliokwisha kufunguliwa utatumika kwa vyote.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa. Muunganisho mpya kwa kawaida huanza kwa pakiti kumi, ambazo ni kama KB 14, kisha seva husubiri ithibati kabla ya kuongeza mwendo. HTML yako iliyobanwa pamoja na mitindo ya lazima ikienea humo, mteja husoma jina la duka, bei na namba ya simu katika safari ya kwanza ya data. Katika duka la leso HTML ilikuwa KB 8 na mitindo KB 6, nayo tukaiacha ikae katika faili lake kwa sababu inatumika kwenye kurasa zote (tazama swali la 10).

## Picha

4. Picha zangu zimepitia WhatsApp, kwa hiyo zimeshapungua. Je, hazitoshi?

Zimepungua, ila bado ni kubwa mno kwa kazi hii. Picha za duka la leso zilikuwa na upana wa pikseli 1,600. Simu nyingi za wateja wake zina kioo ambacho kivinjari hukihesabu kuwa na upana wa pikseli 360. Tulipopanga leso mbilimbili kwa safu, kila moja ilipata kama pikseli 170 za kivinjari. Kioo kinachotumia nukta mbili kwa kila pikseli kinahitaji basi picha ya pikseli 340, na kilichozidi hapo hutupwa ndani ya simu baada ya mteja kukilipia.

Usiridhike na kupunguza upana kwa kuandika `width` katika HTML, kwa kuwa hilo hubadilisha nafasi kwenye kioo tu, na faili zima hushuka vilevile. Kosa hili ndilo ninalolikuta kuliko mengine yote. Faili lenyewe lipunguzwe kabla ya kupandishwa kwenye seva. Sisi tulitumia amri hii ya `cwebp`, programu inayobana picha kuwa faili za WebP:

```
cwebp -q 70 -sharp_yuv -resize 360 0 leso-07.jpg -o leso-07-ndogo.webp
```

Namba 360 ni upana, na sifuri inayoifuata inamaanisha kimo kihesabiwe chenyewe. Matokeo yalikuwa kama KB 15 kwa kila leso badala ya KB 350.

5. Nikipunguza picha, jina la leso halisomeki na wekundu unavuja. Nifanye nini?

Hili ni tatizo la kweli, na wauza leso hulitambua kabla ya mtaalamu yeyote. Leso ina pindo lenye mipaka mikali, ina mji katikati, na ina jina lililoandikwa kwa herufi nyembamba. Njia za kawaida za kubana picha huhifadhi mwanga kwa ukamilifu zaidi kuliko rangi: kila nukta nne za mraba hupewa rangi moja ya pamoja. Kwenye uso wa mtu au mchanga wa pwani hakuna atakayegundua. Lakini nyekundu inapogusana na nyeusi, kama kwenye pindo, ukingo hupata ukungu wa rangi ya damu ya mzee, na herufi za jina zinamezwa.

Kupandisha ubora kutoka 70 hadi 90 huongeza uzito sana na kuponya kidogo, kwa kuwa ugawanaji wa rangi unabaki palepale. Chaguo la `-sharp_yuv` lililo katika amri ya swali la 4 hukokotoa rangi hizo kwa uangalifu zaidi kwenye mipaka, na ndilo lililoturudishia pindo linaloeleweka. Wakati wa kukagua, tazama ukingo wa pindo, usitazame mji, maana mji huonekana mzuri hata picha ikiwa mbovu.

Jina lenyewe tuliacha kulitegemea picha. Tuliliandika kama maandishi ya kawaida chini ya kila leso: WEMA HAUOZI ni herufi kumi, na herufi kumi ni kama sehemu ya mia tu ya kilobaiti moja. Zaidi ya hayo, mteja sasa anaweza kulitafuta jina, kulinakili na kulituma kwa dada yake. Kwa mwenye duka, wanunuzi wengi huanza na jina kabla ya rangi, kwa hiyo hili ndilo badiliko alilolipenda kuliko yote, ingawa ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

6. Mteja anataka kuona kitambaa kwa karibu. Picha ndogo itamtosha?

Haitamtosha, na ana haki. Mpe picha kubwa, lakini aichague mwenyewe akijua bei yake. Kila leso ina faili la pili lenye upana wa pikseli 1,080, na chini ya picha ndogo kuna kiungo kilichoandikwa "Picha kubwa, KB 140". Muundo wake ni huu:

```html
<img src="leso-07-ndogo.webp" width="360" height="264"
     alt="Leso nyekundu na nyeusi, jina: WEMA HAUOZI">
<a href="leso-07-kubwa.webp">Picha kubwa, KB 140</a>
```

Namba za `width` na `height` hapo hukitengea kivinjari nafasi mapema, ili maandishi yasiruke picha inapofika. Kwenye mtandao wa polepole mruko huo hutokea sekunde kadhaa baadaye, mteja akiwa tayari anabonyeza, naye hujikuta amefungua kitu asichokitaka na kulipia data yake. Katika mitindo ongeza `height: auto` ili picha isinyooshwe.

7. Nikiweka `loading="lazy"`, si picha zitashuka tu mteja anapozifikia?

Sivyo hasa. Chrome haisubiri picha ifike kwenye kioo. Huanza kuichukua ikiwa bado iko mbali chini, na kwenye muunganisho inaouona kuwa wa polepole umbali huo huwa mrefu zaidi: pikseli 2,500, dhidi ya 1,250 kwenye 4G. Nia ni njema, kwamba picha iwe imefika mteja anapofika. Lakini ina maana kwamba mwenye mtandao hafifu ndiye anayeshushiwa picha nyingi zaidi asizoziomba.

Tulipopima duka la leso, safu 12 za leso zilikuwa na kimo cha kama pikseli 2,100. Zote 24 zilikuwa ndani ya umbali ule wa pikseli 2,500, kwa hiyo kwa mwenye mtandao hafifu `loading="lazy"` haikuokoa chochote. Tulichofanya ni kuzigawa leso katika kurasa tatu zenye nane nane, na chini ya kila moja kiungo cha kawaida kinachosema "Leso nyingine 8, KB 128". Ukurasa wa kwanza ukawa na picha za KB 120, HTML ya KB 8, mitindo ya KB 6 na skripti ndogo ya KB 4. Kurasa zinazofuata hazichukui tena mitindo wala skripti, ndiyo maana ni KB 128 badala ya 138.

Alama ya `loading="lazy"` bado inafaa kwenye ukurasa mrefu sana. Isiwekwe kwenye picha ya kwanza kabisa, kwa sababu huichelewesha bure.

## Vitu vingine vyenye uzito

8. Vipi kuhusu ramani, video na fonti nzuri?

Ramani iliyopachikwa hushusha skripti zake hata kama mteja hajaigusa. Duka la leso liliiondoa, likaandika maelekezo kwa maneno na kuweka kiungo kinachofungua programu ya ramani iliyo tayari kwenye simu. Kusema kweli, hakuna anayelitafuta duka la mtaa wa Biashara kwa nukta ya bluu. Watu huuliza liko karibu na nani.

Video isijicheze yenyewe hata siku moja. Iwe kiungo chenye dakika na megabaiti zake.

Fonti iliyomo kwenye simu haigharimu kitu, nayo inatosha.

9. Orodha yangu ya bei iko katika PDF. Niiache?

Kama ni karatasi iliyopigwa picha, hapana: ni picha nzito ambayo haitafutiki wala haisomeki bila kukuzwa na kusogezwa huku na huku. Iandike upya kama jedwali la HTML. PDF ibaki kwa mwenye kutaka kuchapisha, na uzito wake utajwe.

10. Mteja akirudi kesho, analipia vyote tena?

Inategemea seva yako inaiambia nini simu. Kwa picha na mitindo, mwambie mtu wa seva aweke kichwa hiki:

```
Cache-Control: public, max-age=31536000, immutable
```

Namba hiyo ni sekunde za mwaka mmoja. Kivinjari huweka faili akibani na hakiulizi tena, ingawa simu iliyojaa inaweza kuifuta akiba hiyo mapema. Sharti lake ni kwamba faili likibadilika, jina nalo libadilike. Tulisahau sharti hilo mara moja: picha ya leso ya saba ilibadilishwa kwa jina lilelile, na kwa wiki kadhaa wateja wa zamani waliagiza leso ambayo haikuwepo tena dukani. Sasa jina huwa na tarehe ndani yake.

HTML yenyewe ipewe `no-cache`, ambayo licha ya jina lake haikatazi kuhifadhi. Humwambia tu kivinjari aulize kwanza kama kuna mabadiliko. Kama hakuna, seva hujibu kwa baiti chache na ukurasa wa akiba hutumika.

## Kupima

11. Nitajuaje uzito wa kweli wa tovuti yangu?

Fungua ukurasa katika Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda `Network`, weka alama kwenye `Disable cache`, kisha pakia upya. Chini kabisa utaona namba mbili. Ile ya `transferred` ndiyo iliyopita hewani na ndiyo anayoilipia mteja. Ile ya `resources` ni ukubwa baada ya kufunguliwa. Kama namba hizo mbili zinalingana kwenye HTML na mitindo, seva yako haibani maandishi, na kuliwasha hilo ni kazi ya dakika chache.

Bila kuweka alama ile utajidanganya, kwa kuwa wewe umeshaufungua ukurasa mara mia na picha zote ziko akibani mwako. Mwenye duka la leso aliniapia kwamba tovuti yake ya zamani ilikuwa ya haraka, na kwenye kompyuta ya dukani, yenye WiFi, ilikuwa hivyo. Tulipoifungua kwa simu ya mfanyakazi wake, leso ya kwanza ilionekana baada ya yeye kumaliza kumhudumia mteja.

Orodha ya kasi iliyo juu ya dirisha hilohilo hukuwezesha kuiga 3G. Huiga polepole lakini haiigi kukatikakatika, kwa hiyo jaribio la mwisho lifanyike kwa simu ya bei nafuu, kwa bando lako mwenyewe.

## Hali za pembeni

12. Baadhi ya wateja wanatumia Opera Mini, na vitufe havifanyi kazi. Kwa nini?

Katika hali yake ya kubana zaidi, Opera Mini haiendeshi JavaScript ndani ya simu kama vivinjari vingine. Ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera, na kinachofika kwa mteja ni matokeo yaliyobanwa. Kila mbonyezo unaotegemea skripti huhitaji kurudi kule, na skripti zinazosubiri muda fulani hukatizwa. Menyu inayofunguka kwa skripti hukwama.

Dawa yake ni kuviacha viungo viwe viungo na fomu ziwe fomu, zinazofanya kazi hata skripti ikizimwa. Ile skripti ya KB 4 katika duka la leso hujumlisha bei tu. Isipokuwepo, seva hujumlisha.

13. Mtandao ukikatika mteja anapobonyeza "Agiza", itakuwaje?

Kuna hali mbili zinazofanana machoni mwa mteja: oda haikufika, au oda ilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Katika zote mbili yeye huona kioo kilichoganda, naye hubonyeza tena. Duka lilipokea oda tatu za leso zilezile kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka Likoni, na kufunga mizigo mitatu kabla ya kumpigia.

Seva inapotoa fomu, iweke ndani yake namba ya siri ya oda isiyojirudia, katika sehemu isiyoonekana. Namba hiyo ikifika mara ya pili, seva isiandike oda mpya, bali irudishe jibu lilelile la kwanza: "Oda yako imepokewa." Mteja anaweza kubonyeza mara kumi bila madhara. Ukurasa huo wa jibu uwe mwepesi kuliko yote, maandishi matupu, kwa kuwa ndio unaosafiri katika mtandao mbaya kabisa.

14. Kuna simu zinazosema zenyewe kwamba mwenyewe anabana data?

Zipo. Mtu akiwasha kubana data kwenye Android, Chrome inaweza kutuma kichwa cha `Save-Data: on`, na seva ikaamua kutotuma picha hadi ziombwe. Mimi siijengi tovuti juu ya kichwa hicho, kwa kuwa baadhi ya vivinjari havikitumi, na mwenye bando dogo si lazima awe ameifungua mipangilio hiyo.

15. Nikituma kiungo cha duka kwa WhatsApp, ile picha inayotokea inalipiwa na nani?

Simu ya anayetuma ndiyo inayofungua ukurasa na kuchukua picha iliyotajwa katika mstari wa `og:image` wa HTML yako, kisha picha ndogo husafiri pamoja na ujumbe. Kwa hiyo mteja anayekutangazia duka bure ndiye anayelipia. Iwe faili lake la pekee, dogo, na si ile picha kubwa ya swali la 6. Katika duka la leso tuliweka pindo la leso moja, bila maandishi, kwa KB 30.